Dola Mia Moja na Njia Yake Hadi Vugiri

Tuzitazame fedha za matangazo zinavyomfikia kijana wa Vugiri, Korogwe, anayerusha video YouTube.

Kikwazo cha kwanza ni barua. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma namba ya siri kwa posta ili kuthibitisha anwani. Asiye na sanduku hutumia la shule au la msikiti, kwa ruhusa. Miezi 4 ikipita bila namba hiyo kuingizwa, matangazo husitishwa.

Cha pili ni fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN. Tuseme amepata dola 120, na kati ya hizo 10 zimetokana na watazamaji wa Marekani. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo akiijaza atakatwa asilimia 30 ya hizo 10, yaani dola 3. Asipoijaza, anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yote: karibu dola 29.

Cha tatu ni benki. Malipo hutoka salio likifika dola 100, lakini fedha zinazotoka nje hukatwa ada njiani. Ada ikiwa dola 20, zile 117 zilizosalia baada ya kodi ya dola 3 zinabaki 97. Kwa kuwa ada hiyo mara nyingi haitegemei kiasi, ni nafuu kupandisha kiwango cha malipo kwenye AdSense, mtu apokee mara moja badala ya mara tatu. Na jina la akaunti lifanane na la benki, herufi kwa herufi.