Hesabu ya Barafu: Entropia Inayobaki Baridini

(Mazungumzo yaliyotolewa Chimwaga, Dodoma, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimeombwa niseme machache juu ya fizikia. Nimechagua daftari mbili za hesabu zilizokataa kulingana. Mali iliyohesabiwa ni barafu, hiyo hiyo mnayotia katika maji ya kunywa na iliyoko kileleni Kibo.

Tuanze na shilingi ile ya zamani, yenye kichwa cha Mwalimu upande mmoja na mwenge upande wa pili. Ukirusha shilingi nne, kuna namna 16 za kuanguka. Vichwa vyote vinne hutokea kwa namna moja tu, lakini vichwa viwili na mienge miwili hutokea kwa namna sita. Idadi hiyo ya namna tuiite W. Boltzmann alitufundisha kwamba entropia ni

S = k ln W

ambapo k ni jouli 1.38 × 10⁻²³ kwa kelvini. Kwa nini logi? Ukiunganisha mafungu mawili, namna zake huzidishana, lakini entropia zake hujumlishana. Na logi ndiyo inayogeuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Tena, kama namna ni moja tu, ln 1 ni sifuri. Kwa hiyo fuwele iliyopangika kikamilifu, ikipozwa hadi karibu na sifuri halisi, haipaswi kubaki na entropia.

Sasa tuzifungue daftari. Ya kwanza ni ya joto. Unaanza na barafu baridi mno, unaipa joto kidogo kidogo, kila fungu unaligawanya kwa halijoto ya wakati ule, kisha unajumlisha mpaka uupate mvuke wa nyuzi 25 za Sentigredi. Giauque na Stout walichapisha hesabu hiyo mwaka 1936, na kwa moli moja ya maji, yaani gramu 18, jumla yake ni jouli 185.3 kwa kelvini. Daftari ya pili haigusi barafu kabisa: inahesabu hali za molekuli za mvuke kutokana na mwanga zinaoufyonza. Hiyo inatoa 188.7. Pungufu ni 3.4, nalo ni kubwa kuliko kosa la vipimo.

Aliyeeleza pungufu hilo ni Linus Pauling, mwaka 1935. Katika barafu, kila oksijeni imezungukwa na oksijeni nne. Molekuli ina hidrojeni mbili, nazo huelekea majirani wawili kati ya hao wanne. Kuchagua wawili kati ya wanne kuna namna sita. Lakini kuna sharti: katikati ya oksijeni mbili jirani lazima iwepo hidrojeni moja, si mbili wala sifuri. Tukizielekeza molekuli ovyo, kila kiungo kina nafasi nusu ya kutimiza sharti hilo. Kila molekuli ina viungo vinne, lakini kila kimoja inakimiliki nusu kwa nusu na jirani yake, basi ni viungo viwili kwa molekuli. Nusu mara nusu ni robo. Sita mara robo ni moja na nusu. Kwa molekuli N,

W = (3/2)ᴺ

na kwa moli moja S = 8.314 × ln 1.5 = 3.37. Pungufu limepatikana!

Pauling alichukulia kwamba viungo havitegemeani. Kwa kweli vinategemeana kidogo, kwa sababu vimefungana katika mizunguko. Mwaka 1966 Nagle alihesabu kwa makini zaidi, akapata 1.507 mahali pa 1.5, yaani jouli 3.41.

Mtauliza: mbona molekuli hazijipangi zikipozwa? Katika barafu ya Kibo zinageuka mara nyingi kwa sekunde. Lakini baridi inavyozidi zinageuka kwa nadra, na chini ya takriban kelvini 105 zimekwama zilivyo, kila moja na uelekeo wake. Kipimajoto hakiwezi kuhesabu joto la mpangilio ambao haukutokea.

Ushahidi ulipatikana Osaka. Tajima, Matsuo na Suga, mwaka 1982, walitia chembe kidogo za hidroksidi ya potasi katika maji kabla ya kuyagandisha. Uchafu huo uliziwezesha molekuli kugeuka hata katika baridi kali, na kwenye kelvini 72 zilijipanga. Sehemu kubwa ya entropia iliyobaki iliondoka, ingawa si yote, kwa maana si fuwele nzima iliyowahi kujipanga.

Basi, vijana, mkipewa swali la monoksidi ya kaboni, ambayo molekuli yake inaweza kulala CO au OC, mtajibu R ln 2, yaani 5.76. Kipimo ni pungufu ya hapo. Kabla ya kulaumu kipimo, jiulizeni kwanza kama namna zote mbili kweli zilikuwa sawa wakati molekuli zilipokwama.