Tangazo la Zoezi la Kujiokoa na Moto: Watoto Watafanya Nini, na Nyumbani Tuzungumze Nao Vipi

(Hotuba iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika mkutano wa kamati za sharika na wafadhili wa mabweni)



Tumeombwa tueleze tangazo litakalosomwa makanisani Jumapili ijayo, kuhusu zoezi la kujiokoa na moto katika bweni la wasichana la shule yetu ya msingi. Tunaeleza kabla halijasomwa kwa sababu neno "moto" na neno "bweni" yakitajwa pamoja, mzazi hashindwi kukumbuka. Wapo kati yetu wanaoikumbuka Shauritanga, kule Rombo, mwezi Juni 1994, ambako wasichana wapatao 40 walifariki usiku. Wengine wanaikumbuka Idodi, mkoani Iringa, mwezi Agosti 2009, ambako wasichana 12 walifariki. Mzazi akisikia tangazo nusu nusu, atadhani kuna hatari inayofichwa. Akisikia lote, ataweza kumsaidia mtoto wake.

Tangazo lenyewe linasema hivi:

"Wazazi na walezi wapendwa, Jumamosi saa 4 asubuhi watoto wa bweni la wasichana watafanya zoezi la kutoka bwenini haraka na kwa utaratibu. Hakutakuwa na moto wala moshi. Watoto wataelezwa kila hatua siku moja kabla. Kengele itagongwa mfululizo. Tafadhali msije shuleni mbio, na msitume ujumbe wa simu kwamba shule inaungua. Zoezi likiisha, mwalimu mkuu atawaarifu wajumbe wa kamati. Ikiwa mtoto wako amewahi kuunguzwa au kuunguliwa na nyumba, mwone matroni kabla ya Ijumaa."

Ndugu zangu, sasa tueleze kile watoto watakachofanya, hatua kwa hatua.

Bweni lina vitanda 32 vya ghorofa, yaani wasichana 64, na lina milango miwili, wa mbele na wa nyuma. Kengele yetu ni ile rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti, na haihitaji umeme. Kwa vipindi hugongwa mara chache na kunyamaza. Kwa zoezi hili itagongwa bila kupumzika mpaka mtoto wa mwisho atoke. Ni lazima mlio huo uwe tofauti, maana mtoto aliyeamshwa usingizini hana muda wa kujiuliza kama ni kengele ya uji.

Watoto wataanza wakiwa wamelala vitandani. Wakisikia kengele, wa kitanda cha chini watashuka kwanza, kisha wa juu. Kila mmoja atamgusa jirani yake ili asibaki mtu usingizini. Hakuna atakayechukua tranka, daftari wala viatu. Vitanda 16 vya upande wa mbele vitatokea mlango wa mbele, na 16 vya upande wa nyuma vitatokea mlango wa nyuma. Watatembea kwa haraka bila kukimbia wala kusukumana, maana mtoto mmoja akianguka mlangoni huwazuia wote walio nyuma yake.

Mlango ukiwa umefungwa, mtoto ataugusa kwanza kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, asiufungue. Ageuke aende mlango wa pili. Pia watajifunza kutambaa kwa mikono na magoti. Moshi hupanda juu, na hewa inayofaa kuvutwa hubaki karibu na sakafu. Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu mara nyingi moshi huua kabla ya moto wenyewe kumfikia mtu. Tena watoto wadogo wakiogopa hujificha uvunguni mwa kitanda, na anayewatafuta gizani hawaoni. Kwa hiyo watafundishwa neno moja: usijifiche, toka.

Wakishatoka watakusanyika chini ya mwembe ulio upande wa pili wa uwanja, mbali na jengo na mbali na njia ya gari. Hapo matroni ataita majina kwa orodha ya waliolala usiku huo. Hakuna atakayerudi ndani kwa sababu yoyote, hata kama amesahau fedha ya nauli. Asipoonekana mtu, matroni ataarifiwa, na watu wazima ndio watakaoamua la kufanya. Mtoto asiyeona vizuri, na yule anayetembea kwa magongo, kila mmoja ana wenzake wawili waliotajwa kwa majina, na vitanda vyao ni vya chini karibu na mlango.

Mwalimu mmoja atashika saa. Lengo letu ni kwamba watoto wote wawe nje ndani ya dakika 2 na nusu. Tukizidisha, hatutawagombeza watoto. Tutatafuta kilichowachelewesha.

Hapa ndipo tunapoomba wafadhili wasikilize kwa makini. Zoezi hupima jengo na utaratibu wa wakubwa kuliko linavyompima mtoto. Wiki mbili zilizopita tulipita bwenini na matroni, bila watoto, tukifuata njia hiyo hiyo. Mlango wa nyuma ulikuwa na kofuli kwa nje, na ufunguo ulikuwa kwa mlinzi getini. Kwa mpango ule, watoto 32 wangefika kwenye mlango usiofunguka, na wote 64 wangegeukia mlango mmoja. Huko Kyanguli, wilayani Machakos nchini Kenya, mwaka 2001 walifariki wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo.

Tunajua kofuli ile iliwekwa kwa nia njema. Wazazi wenyewe waliomba wasichana walindwe dhidi ya watu wa nje, na ombi hilo ni halali. Kwa hiyo hatukuuacha mlango wazi. Tumeondoa kofuli na kuweka komeo kwa ndani, kwenye kimo ambacho mtoto wa darasa la tatu anafika. Mtu wa nje hawezi kuufungua. Mtoto wa ndani anaufungua bila ufunguo. Matroni analala chumba kilichomo ndani ya bweni hilo hilo. Watoto watafungua komeo hilo kwa zamu, kila mmoja kwa mkono wake, kisha watajaribu wakiwa wamefumba macho.

Nondo za madirisha bado zipo. Zoezi haliwezi kuziondoa, na mzazi asidanganywe kwamba mazoezi yanatosha. Tumeanza na dirisha moja kila upande, ambalo fundi atalifanya lifunguke kwa ndani. Vilevile, zoezi la mchana halionyeshi yote. Usiku kuna giza, na idadi hubadilika kwa sababu wapo waliopewa ruhusa kwenda nyumbani. Orodha ya usiku isipolingana na vichwa vilivyo chini ya mwembe, tutajua kwamba orodha haiandikwi kila jioni. Kwa hiyo zoezi la pili litafanyika jioni giza likishaingia, nalo pia litatangazwa mapema.

Wapo waliouliza kwa nini tusiwashtue watoto ili tuone ukweli. Jibu letu ni kwamba mtoto aliyeshtuliwa kabla hajajua njia hujifunza woga tu. Kwanza ajue njia, kisha aizoee. Hatutawasha matairi, wala hakuna mtu atakayepiga yowe.

Sasa tuje kwenye mazungumzo ya nyumbani. Watoto wengi wa bweni watakuja nyumbani mwisho wa mwezi, na wenye ndugu wa kutwa watasikia habari mapema zaidi. Tunaomba mambo machache.

La kwanza, mzazi azungumze kwa sauti ile ile anayotumia kumweleza mtoto jinsi ya kuvuka barabara. Asianze na habari za waliokufa, wala asimwonyeshe picha za majengo yaliyoungua. Aanze na kile mtoto anachoweza kufanya: "Nionyeshe ungepitia wapi. Mnakutana wapi? Nani anaita majina?" Mtoto anayejibu maswali hayo anajiona ana uwezo. Mwacheni awaonyeshe kutambaa hapo sebuleni, hata wadogo zake wakicheka.

La pili, mtoto akiuliza, "Baba, bweni letu litaungua?" asiambiwe, "Nyamaza, usiseme mabaya." Wala asiahidiwe kwamba haitatokea kamwe, maana hakuna mwanadamu anayeweza kuahidi hilo. Ajibiwe hivi: "Hatutarajii. Wakubwa wanafanya kazi kuzuia. Lakini ikitokea, wewe unajua pa kutokea, na sisi tutakuja kukuchukua." Jibu hilo ni fupi na ni la kweli. Akitaka zaidi, atauliza tena.

La tatu ni letu sisi wa kanisa. Walimu wa shule ya Jumapili wasiutumie moto kama kitisho katika majuma haya. Mtoto akiambiwa kwamba moto huwapata watoto watukutu, ataficha kosa lake. Aliyewasha mshumaa chini ya blanketi ili asome atanyamaza, ilhali angesema mapema moto ungezimwa na ndoo moja ya mchanga. Watoto waambiwe wazi kwamba anayetoa taarifa ya moto hatachapwa, hata kama ndiye aliyeuanzisha.

La nne, baada ya zoezi baadhi ya watoto wataulizauliza, na wengine watalicheza zoezi hilo uwanjani. Hiyo ndiyo njia yao ya kulielewa, msiwakataze. Lakini mtoto akianza kukojoa kitandani wakati alikwisha kuacha, akikataa kulala peke yake, au akilalamika tumbo kila siku ya kurudi shuleni, na hali hiyo ikaendelea kwa majuma kadhaa, mzazi amwone matroni au mchungaji wa usharika. Yule aliyewahi kuunguliwa na nyumba hatalazimishwa. Mara ya kwanza atasimama chini ya mwembe na mwalimu wake, atazame wenzake wakitoka, na mara ya pili atachagua mwenyewe.

Wajumbe wa kamati, tunawaomba mlisome tangazo hili lote bila kulifupisha, na baada ya ibada mbaki mlangoni dakika chache ili wenye maswali wawapate. Jumamosi jioni tutawaletea mambo matatu: muda uliotumika, idadi iliyohesabiwa, na kitu gani kiliwachelewesha watoto. Hicho cha tatu ndicho tutakachokirekebisha kabla ya zoezi la jioni.

Mungu awabariki, na awalinde watoto wetu.