Barua Pepe Yenye Maswali Mengi: Jinsi ya Kupata Jibu la Kila Swali



Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamruhusu mwananchi kuiandikia ofisi ya umma kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi hupewa siku 21 kutoa uamuzi. Lakini barua ndefu yenye maswali yaliyochanganyika mara nyingi hujibiwa swali moja tu.

Mfano ni mwenye duka sokoni Tala. Katika aya moja anauliza kuhusu leseni ya biashara, kodi ya ploti, taka zinazorundikana nyuma ya duka, na hatimiliki iliyochelewa. Karani anajibu la leseni, kwa kuwa ndilo la kwanza na ndilo la idara yake. Mengine yanalala humo humo.

Barua hiyo ikiandikwa upya, inaanza hivi: "Nina maswali matatu. Nimeyapa nambari. Tafadhali jibuni kwa nambari hizo." Kisha:

1. LESENI. Duka langu ni la rejareja, soko la Tala. Nililipia leseni tarehe 10 Januari, risiti imeambatishwa. Leseni itatoka lini?

2. KODI YA PLOTI. Nambari ya ploti ni (iandikwe hapa). Deni lake ni kiasi gani hadi leo?

3. TAKA. Nyuma ya duka hilo la rejareja, soko la Tala, taka hazijazolewa tangu tarehe 3 Februari. Zitazolewa siku gani?

Kila swali limebeba maelezo yake. Hata swali la tatu limetaja soko tena, kwa sababu karani atalinakili peke yake na kulipeleka kwa wahusika wa usafi, ambao hawataliona la kwanza. Likisema "pale nilipotaja juu", litarudi bila jibu. Vilevile, nambari moja ibebe swali moja. Anayetaka kujua pia kama deni linaweza kulipwa kidogo kidogo, aandike nambari 4.

Hatimiliki imeondolewa. Leseni, kodi ya ploti na taka ni kazi za kaunti, lakini hatimiliki hutolewa na ofisi ya ardhi ya serikali ya kitaifa. Swali hilo liende huko kwa barua yake. Jambo la dharura nalo lipewe barua ya peke yake, lisisubiri mengine.

Jibu likifika, mwandishi aweke alama kwenye kila nambari iliyojibiwa. Kama ya 2 imebaki, ajibu chini ya barua ile ile: "Asante kwa 1 na 3. Limebaki swali la 2," kisha alinakili lote tena. Asibadilishe nambari, maana karani mwingine atakayeipokea barua ataitumia hiyo hiyo kufuatilia.