Karatasi ya Wiki ya Kwanza

MTANGAZAJI: Wasikilizaji wetu mlioko Rhino Camp, Imvepi, Lobule kule Koboko, na hapa Ayivu kandokando ya mji wa Arua, leo mwezeshaji wa vikundi anazungumzia katiba ya kikundi, ile karatasi ya makubaliano. Karibu, mama.

MWEZESHAJI: Asante. Ndugu zangu, vikundi vingi huandika katiba siku ugomvi unapoingia. Siku hiyo kila mtu anajua tayari sheria ipi itamfaa na ipi itamuumiza. Wiki ya kwanza, kabla mbegu na pesa hazijafika, hakuna anayejua. Anayesema leo kwamba mchelewaji alipe faini hajui kama mchelewaji atakuwa yeye. Ndiyo maana sheria za wiki hiyo huwa za haki zaidi.

Tuchukue mfano. Kiwanja kidogo ambacho familia hupewa kambini hakitoshi kwa nyumba na shamba la kuuza. Kwa hiyo wakimbizi wanane wanaungana na wenyeji wanne kulima vitunguu na nyanya kando ya kijito wakati wa kiangazi. Ardhi ni ya ukoo wa wenyeji. Shirika limeahidi pampu ya petroli na mbegu. Jumla ni watu kumi na wawili. Wafanye nini wiki ya kwanza?

Siku ya kwanza wasiandike chochote. Kila mmoja aseme jambo moja lililovunja kikundi alichowahi kukiona, bila kutaja majina ya watu. Mmoja atasema mweka hazina alihama na pesa. Mwingine atasema mkutano uliendeshwa kwa lugha asiyoielewa. Orodha hiyo ndiyo mwanzo wa katiba, kwa sababu kila sheria itajibu shida ambayo watu wanaijua.

Siku ya pili wapange kazi. Msianze na vyeo, anzeni na kazi yenyewe. Nani anatunza ufunguo wa pampu? Nani ananunua petroli? Nani anaandika daftari? Kila kazi iwe na mtu mmoja na msaidizi wake, maana kwetu watu husafiri ghafla, huitwa kuhakikiwa, au hupata nafasi ya kwenda nchi nyingine. Anayeshika pesa asiwe ndiye anayeandika daftari. Vikundi vya kuweka na kukopa vinalijua jambo hili: sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Hawafanyi hivyo kwa sababu wanamshuku mweka hazina. Wanamlinda yeye pia, ili pesa zikipungua asilaumiwe peke yake.

Siku ya tatu ndiyo ngumu: namna ya kuamua. Hapa wengi huandika maneno mawili tu, "wengi wape", halafu wanafunga daftari. Hebu tuhesabu. Katiba inasema mkutano ni halali nusu ya wanachama wakiwepo. Nusu ya kumi na wawili ni sita. Wengi kati ya sita ni wanne. Basi siku ambayo wenzao wamekwenda kupokea chakula, watu wanne wanaweza kuuza pampu ya watu kumi na wawili, na katiba itawaunga mkono!

Dawa yake ni kugawa maamuzi katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mambo madogo ya kila siku. Mnunuzi anaweza kutumia, tuseme, hadi shilingi 20,000 za petroli bila kuuliza, lakini alete risiti. Fungu la pili ni mambo ya kati, kama kutengeneza pampu iliyoharibika. Hayo yaamuliwe na mwenyekiti, mwandishi na mweka hazina kwa pamoja. Fungu la tatu ni mambo makubwa: kuuza pampu, kugawana mapato, kuingiza au kutoa mwanachama. Hapo wawepo watu tisa, na wanane wakubali.

Lakini ngojeni. Wakimbizi wetu ni wangapi? Wanane. Maana yake wanaweza kukubaliana wao wenyewe kila mara, na mwenyeji aliyepo atakaa kutazama tu. Mkiendelea hivyo, msimu wa pili wenyeji watachukua ardhi yao, na hamtakuwa na shamba la kupigia kura. Ongezeni mstari mmoja: katika hao wanane wanaokubali, wenyeji wasipungue wawili. Na kama kikundi chenu kina wanaume wengi na wanawake wachache, fanyeni hesabu hiyohiyo kwa wanawake.

Je, wakishindwa kukubaliana? Andikeni hilo pia: jambo linabaki kama lilivyo, na mkutano unarudi baada ya siku saba. Kuhusu ardhi yenyewe, kura yenu haina nguvu. Hayo ni makubaliano na ukoo, nayo yaandikwe kwenye karatasi ya pekee, mbele ya mwenyekiti wa kijiji na kiongozi wa wakimbizi.

Siku ya nne andikeni desturi, lakini ziwe chache. Tano zinatosha. Msiandike "tuheshimiane", kwa sababu hakuna anayeweza kusema ni lini imevunjwa. Andikeni: "Mkutano unaanza saa tatu asubuhi. Kila neno linatafsiriwa kabla ya kura. Kunyamaza si kukubali, kila mtu anaulizwa. Siku ya kupokea chakula haihesabiwi kuwa utoro. Anayehama anapewa fungu lake baada ya mavuno." Faini iwe ndogo, na isigusa kamwe chakula cha msaada cha mtu.

Ugomvi nao uwe na njia: kwanza wahusika wawili na msuluhishi waliyemkubali, kisha kikundi, kisha viongozi wa wakimbizi pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Lakini kupigwa au kulazimishwa kimwili si ugomvi wa kikundi. Hilo linakwenda polisi moja kwa moja, na katiba yoyote inayosema "tumalize nyumbani kwanza" ina kosa.

Siku ya tano isomeni kwa sauti, katika kila lugha ya kikundi, iwe Kiswahili, Kilingala, Kikakwa au Kilugbara. Wasiosoma waweke dole gumba baada ya kusikia. Halafu fanyeni jaribio. Ulizeni wanachama watatu, kila mmoja peke yake: nani anaweza kuuza pampu, na kwa kura ngapi? Mkipata majibu matatu tofauti, karatasi bado haijaiva, hata kama ina mhuri. Rudini siku ya sita mwandike kwa maneno mepesi zaidi.

Baada ya siku thelathini isomeni tena. Sheria ambayo imevunjwa mara tatu bila mtu kusema kitu ifuteni au ibadilisheni, kwa sababu sheria iliyozoeleka kuvunjwa huzifundisha nyingine nazo zivunjwe. Na kubadilisha katiba ni jambo la fungu la tatu: watu tisa, kura nane, wenyeji wasipungue wawili.

MTANGAZAJI: Msikilizaji, kama kikundi chako kina katiba, itafute leo. Angalia mstari unaosema nani anaamua nini, kisha uhesabu kama tulivyohesabu hapa. Nakala ya kipindi hiki isomeni pamoja kwenye mkutano wenu.