Sifuri Iliyopotea

Leo tutazungumza habari za namba zinazoharibika ndani ya kompyuta.

Tuseme karani wa wauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, ameletewa faili ya CSV yenye orodha ya wanachama. Anaibofya mara mbili, nayo Excel inaifungua. Namba ya simu iliyoanza na 0754 sasa inaanza na 754. Excel imeidhani kuwa ni hesabu, na katika hesabu sifuri ya mbele haina kazi. Hesabuni tarakimu: zilikuwa 10, zimebaki 9. Hasara hii ni ndogo, maana sifuri yaweza kurudishwa.

Namba ya kitambulisho cha NIDA ndiyo yenye hatari. Ina tarakimu 20, nayo huanza na tarehe ya kuzaliwa. Iliyoanza na 19850412 itaonekana hivi: `1.98504E+19`. Excel hushika tarakimu 15 tu; 5 za mwisho huzigeuza sifuri. Kupanua safu hakuzirudishi. Basi wanachama wawili wenye tarakimu 15 za mwanzo zilizo sawa wataonekana kuwa mtu mmoja, na malipo ya huyu yatakwenda kwa yule.

Afanyeje? Afungue kwanza Excel tupu. Achague `Data`, kisha `From Text/CSV`, kisha `Transform Data`. Hapo kila safu ya namba aiweke kuwa `Text`. Akiulizwa, ajibu `Replace current`. Mwisho abofye `Close & Load`.

Na kama ameshabofya mara mbili? Aifunge bila kuhifadhi. Faili ya asili ingali nzima.