Hapa ni Wapi? Picha ya Mtu Usiyemjua na Wajibu wa Kunyamaza



Septemba 2019, jijini Tokyo, mwimbaji kijana alivamiwa alipokuwa akirejea kwake. Mshambuliaji hakupewa anwani na mtu. Aliwaambia polisi kwamba aliikuza picha ambayo mwimbaji huyo alijipiga, akaona kituo cha treni kimeakisiwa kwenye mboni za macho yake. Akakilinganisha na picha za barabarani za Google mpaka akakitambua, akaenda kumsubiri pale, kisha akamfuata hadi nyumbani. Katika video ambazo mwimbaji alizirekodi ndani ya nyumba yake, mshambuliaji alichunguza mapazia na upande mwanga unakoingilia ili ajue mwimbaji anakaa sehemu gani ya jengo.

Mapazia hayo yasingemfaa kitu kabla hajakijua kituo. Jiji zima likishapunguzwa hadi kituo kimoja, kinachobaki ni kusubiri. Hatua hiyo ya kwanza ndiyo tunayoitoa bure mtu anaporusha picha kwenye kundi la WhatsApp na kuuliza, "Jamani, hapa ni wapi?" Mmoja anatambua mnara wa msikiti, mwingine, kwa mstari wa rangi ubavuni mwa daladala, anataja njia inayopita. Muulizaji anasema anamtafuta dada yake aliyepotea. Huenda ni kweli. Huenda pia ni mume ambaye mkewe amekimbia kipigo, na picha haiwezi kutuonyesha tofauti.

Ujuzi huohuo umewahi kusaidia haki. Mwaka 2018, BBC Africa Eye walichunguza video ya askari wakiwaua wanawake wawili na watoto wawili, video ambayo serikali ya Kameruni ilikuwa imeikana. Waliulinganisha mstari wa vilele vya milima na picha za satelaiti, wakapafikia mahali karibu na kijiji cha Zelevet. Mwaka 2020 askari wanne walihukumiwa kifungo cha miaka 10. Pale, kutaja mahali kuliwafichua wenye bunduki. Hakukumwelekeza yeyote kwa wahanga.

Kwa hiyo mimi hujiuliza nani atafikiwa kwa jibu langu. Akiwa ni mtu aliye hai, ambaye hakupataja mahali hapo mwenyewe, na hapo ni anapolala, anaposoma au anapofanya kazi, nanyamaza. Wala sisemi "napajua, ni karibu na kwetu," maana anayenijua amekwisha kupata mtaa. Nikimfahamu aliyepigwa picha, namwambia yeye kwamba anatafutwa. Nikiamini kweli kuna aliyepotea, napeleka ninachokijua polisi, ambao wakimpata wanaweza kumuuliza kwanza kama anataka kupatikana. Ndugu mwenye nia njema atacheleweshwa, na hilo linaniuma. Hata hivyo, nawasihi mkubali ucheleweshaji huo.