Pesa Iliyopita Mkononi si Pesa Uliyochuma: Kuandaa Maelezo ya Ukweli na Vielelezo kwa Ajili ya Baraza la Rufaa za Kodi

Mada iliyotolewa katika semina ya wafanyabiashara wadogo, Baraka, Fizi



Nianze kwa kuondoa kosa moja la mawazo. Hapa kwetu Kongo hakuna baraza maalumu la rufaa za kodi mtu binafsi analoweza kwenda kubisha hodi. Sheria namba 004/2003 ya tarehe 13 Machi 2003 inamtaka mlipa kodi aandike malalamiko yake kwanza kwa utawala wa kodi wenyewe. Akikataliwa, ndipo mlango wa mahakama unafunguka. Walioniomba mada hii, hata hivyo, wengi wao ni ndugu wa watu wa Fizi wanaofanya biashara Nairobi, na huko baraza lipo, lilianzishwa kwa Sheria ya Baraza la Rufaa za Kodi ya mwaka 2013. Tangu Kongo iingie rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, maswali ya namna hii yanazidi kunifikia. Kwa hiyo nitazungumzia Nairobi. Anayelipa kodi yake hapa Baraka naye atapata cha kubeba, maana mtu wa kodi akisoma stetimenti yako anauliza swali lilelile mahali popote: hii pesa ni ya nani?

Tuchukue mfano, na ni mfano tu, wa mama mmoja wa kutoka Baraka anayeuza vitenge Nairobi. Mwaka 2022 alitangaza mauzo ya shilingi za Kenya 1,450,000. Miaka miwili baadaye Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, yaani KRA, ikakusanya kila kilichoingia katika akaunti yake ya benki na katika simu yake, ikapata 4,860,000. Tofauti ya 3,410,000 ikaitwa mauzo yaliyofichwa. Akaandika pingamizi ndani ya siku 30, Kamishna wa KRA akalijibu kwa kulikataa. Uamuzi huo ulimfikia tarehe 3 Machi.

Hapo saa inaanza kukimbia. Notisi ya rufaa lazima ifike barazani ndani ya siku 30, maana yake mwisho wake ni tarehe 2 Aprili, pamoja na ada ya shilingi 20,000 ambayo hairudishwi hata ukishinda. Ukishatoa notisi, una siku 14 za kupeleka mambo matatu: hati ya rufaa, maelezo ya ukweli, na nakala ya uamuzi unaoupinga. Kamishna naye apelekewe nakala ndani ya siku 2. Baraza linaweza kuongeza muda kwa aliyekuwa mgonjwa, aliyekuwa nje ya Kenya, au mwenye sababu nyingine ya maana, lakini sababu hiyo nayo inataka karatasi. Mtu aliyekuwa amekwama Kigoma akisubiri boti aje na tiketi yake.

Watu wengi wanachanganya hati ya rufaa na maelezo ya ukweli. Hati ya rufaa inasema kwa ufupi Kamishna amekosea wapi, kwa aya zenye namba, bila hadithi na bila mabishano. Maelezo ya ukweli yanasema nini kilitokea, lini, na karatasi ipi inaonyesha. Kanuni za baraza za mwaka 2015 zinataka maelezo hayo yataje ukweli wote ambao rufaa inausimamia, yataje waziwazi ushahidi utakaotolewa, na ushahidi wenyewe uambatanishwe hapohapo. Usiweke akiba ya karatasi nyumbani ukitegemea kuitoa siku ya kusikilizwa. Sheria inakufunga kwenye sababu ulizozitaja.

Nimewahi kuletewa maelezo ya kurasa tisa yaliyoanza na vita, yakapita kwenye ukimbizi, yakamaliza na maombi ya huruma. Yote yalikuwa kweli. Ila katika kurasa zile tisa hapakuwa na tarehe hata moja ya pesa kuingia benki. Wajumbe wa baraza hawawezi kufuta kodi kwa huruma. Wanaifuta kwa hesabu, na sheria imeuweka mzigo wa kuthibitisha kwa anayekata rufaa: ni wewe unayepaswa kuonyesha kwamba makadirio yamezidi. Kamishna anaweza kukaa kimya akashinda, wewe huwezi.

Basi kabla ya kushika kalamu, mama wetu anachapisha stetimenti za miezi 12, ya benki na ya simu, na kila pesa iliyoingia anaitia alama. Si kazi ya jioni moja. Akimaliza anapata mafungu haya: mauzo 1,450,000, pesa aliyoihamisha mwenyewe kutoka simu kwenda benki 900,000, mkopo wa chama cha akiba na mikopo 500,000, zamu yake ya likelemba 600,000, pesa ya wenzake wa Baraka waliomtuma awanunulie vitenge 1,120,000, na 290,000 ambazo hakumbuki zilitoka wapi.

Tuanze na hizo 290,000, kwa sababu ndizo zinazoharibu kesi. Kishawishi ni kuzibandika jina, mathalani zawadi ya kaka aliye ng'ambo. Msifanye hivyo. Uongo mmoja ukikamatwa katika mahojiano, zile milioni tatu za kweli nazo zinatiliwa shaka. Sheria ya Kenya, isitoshe, inamtaka anayekata rufaa alipe kwanza kodi asiyoipinga, au akubaliane na KRA jinsi ya kuilipa, la sivyo notisi yake haina nguvu. Mama anazikubali 290,000, analipa kodi yake, na risiti ya malipo inakuwa kiambatisho.

Pesa aliyoihamisha mwenyewe ndiyo nyepesi kuliko zote. KRA ilijumlisha simu na benki, hivyo shilingi iliyotoka kwenye simu ikaingia benki imehesabiwa mara mbili. Tengeneza jedwali la safu nne: tarehe, kiasi kilichotoka kwenye simu, kiasi kilichoingia benki, namba ya muamala. Namba zikilingana, hapana la kubishania.

Likelemba inahitaji maelezo zaidi, maana mjumbe wa baraza anaweza kuiona 600,000 imeingia siku moja akadhani ni mauzo makubwa. Jengeni aya zenu hivi, kila aya jambo moja:

"7. Mwaka 2022 nilikuwa mmoja wa wanachama 12 wa kikundi cha kuchangiana. Kila mwanachama alitoa shilingi 50,000 kwa mwezi. Daftari la kikundi ni kiambatisho MB-4.

8. Nilitoa michango yangu kwa simu kwenda kwa mweka hazina, Januari hadi Desemba. Miamala hiyo 12 imepigwa mstari katika kiambatisho MB-2.

9. Tarehe 5 Agosti 2022 ilikuwa zamu yangu. Nilipokea 600,000, ambazo ni sawa na michango yangu ya mwaka mzima. Tazama MB-2, ukurasa wa 31."

Hakuna neno "kwa hiyo KRA imenionea". Hilo ni la hati ya rufaa na la siku ya kuzungumza. Kila aya inamwambia msomaji afungue ukurasa gani. Daftari peke yake lingeweza kuandikwa jana usiku. Kinacholipa nguvu ni michango 12 iliyotoka kwenye simu kabla mtu yeyote hajaota kesi. Mkopo ni vivyo hivyo. Mkataba unaonyesha ahadi, lakini marejesho ya kila mwezi kwenye stetimenti ndiyo yanayoonyesha kwamba kweli ulikuwa mkopo. Mkopo usiorejeshwa hata senti, uliothibitishwa kwa barua ya shemeji yenye tarehe ya wiki iliyopita, mimi mwenyewe nisingeuamini.

Tufike penye ugumu, zile 1,120,000. Zilikuja mara nne, kila mara 280,000: dola zilizobebwa mkononi kutoka hapa, zikabadilishwa, zikawekwa benki kama fedha taslimu. Stetimenti inasema "aliyeweka: mwenye akaunti". Kwa macho ya KRA hayo ni mauzo yake ya dukani, na siwalaumu. Dawa ni kuonyesha pesa ilivyoingia na kutoka kwa mwendo mmoja. Tarehe 17 Mei imeingia 280,000. Tarehe 18 Mei kuna risiti za duka la jumla za vitenge vya 266,000. Tarehe 20 Mei kuna hati ya kusafirisha mzigo, yenye jina la mpokeaji wa Baraka. Katikati yake kuna ujumbe wa simu wa mpokeaji akitaja rangi na idadi ya doti. Mambo manne yanayofuatana ndani ya siku nne yana uzito kuliko barua kumi za "nathibitisha kwamba". Barua nazo ziwepo, kila moja na nakala ya kadi ya mpiga kura ya aliyeiandika, na zilizo kwa Kifaransa zitafsiriwe na mtu anayetambulika.

Lakini hesabuni: 280,000 kutoa 266,000 inabaki 14,000. Hilo ni swali la kwanza atakalouliza mwanasheria wa KRA. Uliwanunulia bure? Hapana, 14,000 kwa kila safari ni ujira wake, jumla 56,000, na ujira ni kipato. Mama aliyejiandaa anautaja mwenyewe katika maelezo na kuulipia kodi pamoja na zile 290,000. Anachopinga kinabaki 3,064,000: 900,000 za kuhamisha, 500,000 za mkopo, 600,000 za likelemba na 1,064,000 za mali ya watu. Andikeni hesabu hiyo katika aya ya mwisho ya maelezo, mjumbe asilazimike kuitafuta.

Viambatisho vipangwe kwa mfuatano wa kutajwa kwake, kurasa zipewe namba moja hadi mwisho, na mbele pawe na orodha. Mkumbuke pia kuweka barua au imeili inayoonyesha kwamba karatasi hizo Kamishna alizipata tangu hatua ya pingamizi, kwani KRA hupenda kusema inaziona kwa mara ya kwanza. Kamishna ana siku 30 za kuleta maelezo yake. Yakifika, yasomeni kando ya yenu, aya kwa aya, mtie alama kila asichokipinga.

Mtu anaruhusiwa kusimama mwenyewe barazani bila wakili. Asiporidhika na uamuzi wa baraza, ana siku 30 kwenda Mahakama Kuu.

Kesho asubuhi tutafanya kazi kwa mikono. Kila mmoja aje na stetimenti ya simu yake ya miezi mitatu iliyopita, rula, na kalamu ya wino mwekundu.